Kutoa Kelele, Kubakiza Kahawa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi anachota punje kiganjani, anazinusa, pengine anatafuna moja kabla hajatoa pesa. Kwenye rafu ya duka mambo ni mengine. Kahawa imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha mwanga wala harufu, na hata iwe nzuri namna gani, haina mdomo wa kujisemea. Maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa mfuko ndiyo yanayoshika kazi ya pua na kiganja.

Ndiyo maana wauzaji wengi huyapigisha kelele. Lakini muuzaji huyohuyo akitaka mfuko wake ukae kwenye duka la hoteli, au ununuliwe na mtu anayetaka zawadi ya heshima, kelele zinageuka mzigo. Anaombwa ayatulize maelezo yake, yawe ya bidhaa ya hadhi, na asipoteze hata habari moja kuhusu bidhaa yenyewe. Kwa kuyasikia ni maombi mepesi. Kwa kuyafanya ni kazi yenye mitego, na mtego mkubwa ni kudhani kwamba hadhi hupatikana kwa kubadilisha maneno makali na kuweka maneno laini.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Maelezo yafuatayo nimeyatunga mwenyewe kwa kufuata mtindo ambao kila anayenunua kahawa mjini ameshauona:

«KAHAWA YA KILIMANJARO, MOTO WA KUOTEA MBALI!!! Umechoka na kahawa chungu isiyo na ladha? Suluhisho hili hapa! Arabika TUPU kutoka Old Moshi, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, TAMU BALAA, ladha kali ya chungwa na chokoleti, harufu mpaka kwa jirani!! Imechumwa kwa mkono, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja. Punje KUBWA KUBWA daraja AA, bora kuliko zote nchini! Tunakaanga kila Jumanne, kiwango cha kati, kwa hiyo ni FRESHI KILA SIKU! Mfuko wa kisasa wenye vali ya ajabu! Gramu 250 kwa bei ya kutupa, shilingi 18,000 TU! Nzima au ya kusagwa, chaguo ni lako! Chukua mifuko minne tukuletee BURE popote Dar es Salaam! Ukishafungua tumia ndani ya wiki nne. WAHI, MZIGO UNAISHA!!!»

Msomaji mwenye haraka atasema hapa hamna kitu ila makelele. Si kweli, na kosa la kwanza la mhariri huanzia hapo. Anayakata maelezo kwa sababu yanamchosha, na pamoja na alama za mshangao anaondoka na habari ambazo mnunuzi anazihitaji.

Kwa hiyo kabla ya kugusa neno lolote, habari zihesabiwe. Habari ni kile ambacho mtu anaweza kwenda kukihakiki akarudi na jibu la ndiyo au hapana. Katika maelezo yetu zipo kumi na sita: ni arabika tupu, imetoka Old Moshi, Kilimanjaro, mita 1,500, ladha ya chungwa na chokoleti, imechumwa kwa mkono, imeoshwa, imeanikwa kwenye vichanja, daraja AA, hukaangwa kila Jumanne, kiwango cha kati, mfuko una vali, gramu 250, shilingi 18,000, hupatikana nzima au iliyosagwa, mifuko minne huletwa bure Dar es Salaam, na itumike ndani ya wiki nne baada ya kufunguliwa. Ladha nimeiingiza humo kwa sababu nayo huhakikiwa: watu watatu waliozoea kuonja kahawa wakinywa kikombe hicho, watasema kama chungwa wanalipata au hawalipati.

Orodha hiyo iandikwe kwenye karatasi na iwekwe kando. Kazi ikiisha, itarudiwa moja baada ya nyingine.

Kilichobaki nje ya orodha ni sifa na miito: moto wa kuotea mbali, tamu balaa, harufu mpaka kwa jirani, bora kuliko zote, ya ajabu, bei ya kutupa, wahi. Hata hivi visitupwe kwa pupa, kwa sababu ndani ya kelele mara nyingine hujificha habari ambayo muuzaji hakuisema vizuri. «Mzigo unaisha» huenda ni hila ya kumkimbiza mnunuzi, au huenda ni kweli kwamba kahawa ya msimu huo imebaki mifuko 300 basi. Kama ni hila, ifutwe. Kama ni kweli, mwenye mali aulizwe idadi, kwa maana «mifuko 300 ya msimu huu» ni habari, na ina nguvu kuliko kupiga ukelele. Katika mfano wetu tuchukulie aliulizwa akacheka. Ikafutwa.

«Kahawa chungu isiyo na ladha» nayo ina kiini. Muuzaji anataka kusema kwamba kahawa yake haikuunguzwa. Kahawa inavyozidi kukaangwa ndivyo uchungu unavyotawala na ladha ya shamba inavyofifia, na «kiwango cha kati» tayari kimebeba ujumbe huo bila kuitukana kahawa ya mwenzake. Kuna jambo jingine la kuangalia: «kila Jumanne» na «freshi kila siku» haviwezi kukaa pamoja. Kahawa iliyokaangwa Jumanne, ikifika Jumatatu ina siku sita. Kelele zilikuwa zimefunika mgongano ambao maandishi tulivu yangeuanika mara moja. Jumanne inabaki kwa sababu ndiyo habari. «Kila siku» inaondoka.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Jaribu kufanya kile ambacho wengi hufanya, yaani kubadilisha sifa kwa sifa. «Tamu balaa» inakuwa «ladha ya kipekee». «Moto wa kuotea mbali» inakuwa «safari ya ladha isiyosahaulika». «Vali ya ajabu» inakuwa «teknolojia ya hali ya juu». Sauti imeshuka, lakini mnunuzi amepata nini? «Kipekee» ni «balaa» iliyovaa suti. Inatoka kinywani kwa mwendo wa pole, ila nayo haina cha kuhakikiwa. Tena ina hasara ambayo «balaa» haikuwa nayo: «tamu balaa» angalau ilikuwa na sauti ya mtu anayeipenda kahawa yake.

Kipimo cha kuikamata sifa ya namna hiyo ni kuikanusha. Sema: kahawa hii haikutoka Old Moshi. Ukanusho huo una maana, na kuna kahawa nyingi ambazo ni kweli hazikutoka huko. Sasa sema: kahawa hii si ya kipekee. Hakuna muuzaji duniani atakayeandika hivyo, kwa hiyo kinyume chake nacho hakisemi kitu. Sifa ambayo hakuna mtu angeikanusha juu ya mali yake haimsaidii mnunuzi kuchagua.

Badala ya sifa kubadilishwa kwa sifa, ibadilishwe kwa jambo lililoizaa. Vali ni mfano mzuri. Kahawa ikishakaangwa huendelea kutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa. Ukiifunga kwenye mfuko uliozibwa kabisa, mfuko utavimba. Ukiacha upenyo, oksijeni itaingia na harufu itakufa. Vali ni tundu la njia moja: hewa ya ndani inatoka, ya nje haiingii. Hapo hapana ajabu, pana kazi, na ukiitaja kazi hiyo kwa maneno saba mnunuzi anaona mwenyewe kwa nini mfuko huu umegharimu zaidi ya ule wa kawaida.

Daraja AA linataka uangalifu zaidi, maana hapo kelele zilivuka mpaka wa ukweli. Baada ya kukobolewa, punje za kahawa hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo mbalimbali. Zile zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya milimita 7 na kidogo, ndizo AA. Basi daraja hilo kwanza kabisa ni habari ya ukubwa. Ukubwa una faida yake: punje zinazolingana huiva pamoja kwenye kikaango, hazitoki nyingine zimeungua na nyingine mbichi. Lakini haufanyi kahawa iwe «bora kuliko zote nchini». Ushahidi ni PB, punje za mviringo zinazokua moja peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Ni ndogo kuliko AA, na bado wapo wanunuzi wa nje wanaoifuata kahawa ya Tanzania kwa ajili ya hizo. «Kubwa kubwa» ilikuwa kweli iliyopambwa. «Bora kuliko zote» ilikuwa dai lisilo na mguu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na hata kama hakuna atakayekushtaki kwa mfuko mmoja, mnunuzi anayeijua kahawa ataacha kukuamini kuanzia sentensi hiyo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ladha, kwa sababu maneno yetu ya ladha yana maana mbili mbili. «Tamu» ni yenye sukari, na pia ni kitu chochote kinachopendeza mdomoni. «Kali» ni yenye nguvu, na pia ni chungu, ya pilipili, na mtaani ni nzuri mno. «Ladha kali ya chungwa na chokoleti» inaweza kusomwa kwa namna kadhaa, na mwandishi anayetaka utulivu anatakiwa aamue moja. Wapo wanaodhani neno la kitaalamu litawaokoa, wakaandika «uchachu wa wastani». Waonjaji wa kahawa wanausifu uchachu huo, hasa katika kahawa ya mlimani. Ila kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili, kilichochacha ni maziwa yaliyoharibika na ugali wa juzi. Umemwambia mteja kwamba kahawa imeoza, kwa lugha ya kistaarabu.

Njia salama ni kutaja tunda na kunyamaza. Chungwa linajulikana na kila mtu, na ndani yake mna utamu na ukali mwepesi kwa pamoja. Ukisema «ladha ya chungwa», mate ya msomaji yanafanya kazi iliyobaki. «Kali» iondoke, «tamu balaa» iondoke, wala hakuna habari iliyopotea, kwani chungwa lilikuwa limeshazibeba zote mbili.

Baada ya maneno huja mpangilio, na hapa ndipo utulivu unapopata nguvu zake. Maelezo ya kelele yalirusha habari ovyo: mita 1,500 mahali pamoja, chungwa katikati ya balaa, Jumanne kule chini. Lakini habari hizi zina udugu. Mlimani juu kuna baridi, tunda la kahawa huchelewa kuiva, na punje hupata muda wa kukaza na kujijenga. Ladha za matunda kama hii ya chungwa huchangiwa na hali hiyo. Si lazima uyaeleze yote hayo kwenye mfuko. Weka mita 1,500 karibu na chungwa, na anayejua ataliona fungamano, asiyejua atahisi tu kwamba maelezo yana mantiki. Vivyo hivyo Jumanne ikae jirani na vali na wiki nne, maana zote tatu zinazungumzia upya wa kahawa. Gramu, bei na usafirishaji zikae pamoja mwishoni, mahali ambapo mnunuzi aliyeshaamua huzitafuta.

Bei inahitaji neno lake. Kuna imani kwamba bidhaa ya hadhi haitaji bei, na mtaani imezaa ile desturi ya «bei njoo inboksi». Huo ni upotevu wa habari, na wanunuzi wengi huutafsiri kuwa ni mtego. Kinachoishusha hadhi bei ni mapambo yake: «ya kutupa» na «tu» zinamwambia msomaji kwamba muuzaji mwenyewe anaionea haya. «Shilingi 18,000» ikisimama peke yake ina heshima ya kutosha. Na hata ofa ya kuletewa bure haina haja ya kufichwa. Itajwe kama utaratibu wa duka.

Kisarufi, Kiswahili kina chombo kinachofaa sana kazi hii, nacho ni kiambishi «hu-». «Tunakaanga kila Jumanne!» ni mtu anayejinadi. «Hukaangwa kila Jumanne» ni desturi inayosimuliwa, kama tunavyosema jua huchomoza mashariki. Lakini chombo hiki kikitumika bila kiasi, maandishi yanahamia ofisini. «Bidhaa hii huzalishwa kwa kuzingatia viwango na hupatikana kwa ajili ya matumizi ya mlaji» haina kelele, ni kweli, ila inanuka makaratasi. Utulivu wa hadhi na ukavu wa barua ya serikali ni vitu viwili. Dawa ni kuwa na nomino zinazoshikika, yaani mibuni, vichanja na kikombe, na kumwacha msomaji asemeshwe moja kwa moja angalau mara moja.

Nilipoandika rasimu ya kwanza nilijikamata nikikosea. Niliandika: «Kikombe chake kina ladha ya chungwa, na mwishoni chokoleti.» Inapendeza, ina mwendo. Ila nani aliyesema chokoleti huja mwishoni? Si muuzaji. Niliibuni ili sentensi itulie vizuri. Huu ni mtego wa pili mkubwa baada ya ule wa suti: anayetuliza maneno hushawishika kuongeza habari nzuri zisizokuwepo. Leo ni «mwishoni», kesho ni «wakulima wadogo», keshokutwa ni «bila kemikali», na hilo la mwisho ni dai zito linalohitaji cheti. Kufafanua jambo lijulikanalo, kama kazi ya vali, kunaruhusiwa, kwani ni kweli kwa kila vali ya namna hiyo. Kuongeza jambo la bidhaa hii ambalo mwenye bidhaa hakulisema hakuruhusiwi, aulizwe kwanza.

Baada ya masahihisho, maelezo yalifika hapa:

«Kahawa ya Old Moshi. Arabika tupu, daraja AA, iliyokaangwa kwa kiwango cha kati.

Mibuni imeota Old Moshi, Kilimanjaro, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Buni huchumwa kwa mkono, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja. Kikombe chake kina ladha ya chungwa na chokoleti.

Hukaangwa kila Jumanne. Mfuko una vali inayotoa hewa ya ndani bila kuingiza ya nje. Ukishaufungua, itumie ndani ya wiki nne.

Gramu 250, nzima au iliyosagwa. Shilingi 18,000. Anayechukua mifuko minne huletewa bila malipo popote Dar es Salaam.»

Rudi kwenye karatasi ya orodha, weka alama moja baada ya nyingine. Kumi na sita ziliingia, kumi na sita zimetoka. Hakuna alama ya mshangao, hakuna herufi kubwa isiyo na sababu, na hakuna «kipekee». Yasome kwa sauti. Ukijikuta unapaza sauti mahali, neno lenye kelele bado limo. Ukijikuta unasinzia, umeingia ofisini. Kisha jiulize kama maelezo haya yangeweza kubandikwa kwenye mfuko wa jirani bila kubadilisha neno. Yale ya mwanzo, ukiondoa habari zake, yangebandikwa hata kwenye sabuni.

Njia hii ina mipaka. Mnadani, kwenye spika ya gari, au mikononi mwa machinga anayepita kati ya magari yaliyosimama kwenye taa, maelezo haya yangekufa, kwa sababu pale msikilizaji ana sekunde tatu na sauti ndiyo inayomgeuza shingo. Kelele za mnadani ni sanaa yenye kanuni zake, na anayezipeleka kwenye rafu ya hoteli anakosea sawa na anayepeleka utulivu wa rafu mnadani.

Mpaka wa pili ni mchungu zaidi. Mfano wetu ulifaulu kwa kuwa muuzaji alikuwa na habari kumi na sita. Wapo ambao ukiondoa balaa, moto na ajabu, karatasi ya orodha inabaki na mistari miwili: kahawa, gramu 250. Haijulikani imetoka wapi, imekaangwa lini, wala ni arabika au robusta. Kwa huyo, hakuna mwandishi wa kumsaidia. Akamuulize aliyemuuzia imetoka shamba gani na ilivunwa lini, na siku ya kukaanga aiandike mwenyewe kwa kalamu kwenye kila mfuko. Akirudi na majibu hayo, nusu ya kazi ya kuandika itakuwa imekwisha.